Waliojisajili na Wasiojisajili: Namna ya Kulinganisha Utazamaji Wao Kabla ya Kuamua Video Ijayo

Mwenye chaneli ya YouTube anapofungua takwimu zake na kuzigawa kati ya waliojisajili na wasiojisajili, jambo la kwanza analoliona karibu kila mara ni kwamba waliojisajili hutazama kwa muda mrefu zaidi. Wengi huishia hapo, wakahitimisha kuwa wageni hawaipendi kazi yao, wakaanza kubadilisha mada. Hitimisho hilo halina msingi, na mwongozo huu unaeleza kwa nini, kisha unaonyesha hatua za kufanya ulinganisho unaoweza kweli kukuambia utengeneze nini baadaye. Nitatumia mfano wa chaneli moja ya ufundi wa baiskeli yenye video ndefu 18. Nambari zake ni za mfano, lakini nimeziweka katika viwango ambavyo chaneli ndogo hukutana navyo.

Kwanza fahamu unachokihesabu

YouTube huandika hali ya mtazamaji kama ilivyokuwa wakati ule alipotazama. Mtu akitazama video yako asubuhi kabla ya kujisajili, akabonyeza kitufe cha kujisajili, kisha jioni akatazama nyingine, mtu huyo mmoja ataonekana pande zote mbili: utazamaji mmoja utahesabiwa kwa wasiojisajili na mwingine kwa waliojisajili. Vilevile, aliyejisajili kwa akaunti moja lakini akatazama bila kuingia katika akaunti yoyote, kwa mfano kwenye runinga ya sebuleni, huhesabiwa kama asiyejisajili. Kwa hiyo makundi haya mawili si makundi ya watu, bali ni makundi ya utazamaji uliofanyika katika hali fulani.

Jambo hili lina athari kubwa kuliko linavyoonekana. Mgeni aliyeipenda sana kazi yako hujisajili, na tangu dakika hiyo utazamaji wake wote mzuri unahamia upande wa pili. Wanaobaki upande wa wasiojisajili ni wale waliopita tu, wale waliopata jibu wakaondoka, na wale ambao bado hawajakufahamu. Ni kama ndoo ambayo kila siku maji yake ya juu, yaliyo safi, huchotwa na kumiminwa katika ndoo ya jirani, halafu mtu akaja kushangaa kwa nini yaliyobaki yana tope. Kundi la wasiojisajili litaonekana dhaifu daima, hata katika chaneli inayokua vizuri, na pengine hasa katika chaneli hiyo.

Kutokana na hayo inafuata kanuni moja ambayo kazi yote iliyobaki inaitegemea: usishindanishe kundi moja na jingine. Linganisha kila kundi na kawaida yake lenyewe, mada kwa mada, kisha angalia ni wapi mpangilio wa mada kwa kundi la kwanza unatofautiana na mpangilio wa mada kwa kundi la pili.

Hatua ya 1: Panga video kwa mada, kabla ya kuona nambari

Andika orodha ya video zako na uipe kila moja mada moja tu. Fanya hivi kabla hujafungua takwimu, kwa sababu ukishaziona utashawishika kuihamisha video iliyofanya vizuri kwenda kwenye mada unayoipenda. Mada tatu au nne zinatosha. Mada yenye video chini ya tano haitakuambia jambo la kutegemewa, hivyo ni afadhali uiunganishe na iliyo jirani yake au uiache nje.

Acha nje pia video fupi za Shorts. Tangu tarehe 31 Machi 2025, utazamaji wa Shorts unahesabiwa kila zinapoanza kucheza au kurudiwa, bila kigezo cha muda, kwa hiyo nambari zake hazikai katika kapu moja na za video ndefu. Ukitaka kuzichunguza, zichunguze peke yake.

Katika chaneli yetu ya mfano, video 18 zimegawanyika katika mada tatu zenye video sita kila moja. Mada ya kwanza ni *tatizo moja*: mnyororo unaoruka, breki zinazolia, gia isiyopanda, kwa dakika 7 hadi 9. Ya pili ni *ufufuaji*: baiskeli kuukuu iliyochakaa inavunjwavunjwa, inasafishwa na kuunganishwa upya, kwa takriban dakika 20. Ya tatu ni *majaribio ya vifaa*: pampu, funguo na vilainishi vinavyopimwa kwa matumizi, kwa dakika 10 hivi.

Hatua ya 2: Zipe video zote umri uleule

Hili ndilo kosa lililonigharimu mimi mwenyewe. Niliwahi kulinganisha mada kwa kutumia takwimu za mwaka mzima, nikaufuta mfululizo mmoja kwa kuwa wasiojisajili walikuwa hawaufikii, na miezi kadhaa baadaye nikagundua kwamba video zote za mfululizo huo zilikuwa mpya, ilhali zile nilizozisifu zilikuwa na zaidi ya miezi kumi mtandaoni. Waliojisajili hufika mapema, mara nyingi katika siku chache za kwanza, kupitia arifa na ukurasa wa mwanzo. Wasiojisajili huendelea kufika taratibu kupitia utafutaji na mapendekezo, kwa wiki na miezi. Kadiri video inavyozeeka ndivyo sehemu ya wasiojisajili inavyoongezeka yenyewe, bila ubora wake kubadilika.

Tiba yake ni kuchukua siku 28 za kwanza za kila video, basi. Video iliyotoka tarehe 5 Machi inasomwa hadi tarehe 1 Aprili. Iliyotoka tarehe 10 Juni inasomwa hadi tarehe 7 Julai. Video ambayo haijatimiza siku hizo pamoja na siku mbili au tatu za takwimu kukamilika, isubiri. Kumbuka pia kwamba siku katika takwimu za YouTube huhesabiwa kwa saa za Pasifiki za Marekani, kwa hiyo siku ya kwanza ya video yako inaweza kuwa na saa chache tu. Katika siku 28 tofauti hiyo ni ndogo, lakini katika siku tatu ingeharibu kila kitu.

Hatua ya 3: Toa nambari

Katika YouTube Studio, fungua `Analytics`, kisha `Advanced mode`, chagua video moja, weka tarehe zake 28, halafu chagua mgawanyo wa `Subscription status`. Utapata safu mbili, `Subscribed` na `Not subscribed`. Nakili katika lahajedwali utazamaji na muda wa kutazama wa kila safu, kisha chukua idadi ya watu waliojisajili kutokana na video hiyo. Kwa video 18 kazi hii inaweza kufanyika kwa mkono katika kikao kimoja. Hakuna njia ya mkato ya kuweka kipindi kimoja kwa video zote, kwa sababu kila moja ina tarehe zake.

Mwenye video nyingi anaweza kuuliza moja kwa moja kupitia YouTube Analytics API, njia ya kuziomba takwimu kwa programu, kwa ombi moja kwa kila video:

```
ids=channel==MINE
startDate=2024-03-05
endDate=2024-04-01
metrics=views,estimatedMinutesWatched
dimensions=subscribedStatus
filters=video==VIDEO_ID
```

Gawanya dakika zote kwa utazamaji wote, upate dakika kwa kila utazamaji. Sipendekezi kutumia asilimia ya video iliyotazamwa kwa kulinganisha mada zenye urefu tofauti, kwa kuwa asilimia 45 ya video ya dakika 8 na asilimia 45 ya video ya dakika 20 ni vitu viwili tofauti kabisa.

Hatua ya 4: Tafuta nambari ya kati ya kila mada

Kwa kila mada, zipange video zake kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue iliyo katikati. Zikiwa sita, chukua wastani wa ya tatu na ya nne. Wastani wa kawaida hautafaa hapa, kwa sababu video moja iliyobahatika kupendekezwa sana itaivuta mada nzima juu, nawe utadhani umegundua mada kumbe umegundua bahati.

Chaneli yetu ilitoa jedwali hili, ambapo kila nambari ni ya kati kwa siku 28:

| Mada | Utazamaji, waliojisajili | Utazamaji, wasiojisajili | Dakika, waliojisajili | Dakika, wasiojisajili | Waliojiunga kutokana na video |
|---|---|---|---|---|---|
| Tatizo moja | 900 | 4,200 | 3.6 | 2.9 | 21 |
| Ufufuaji | 1,500 | 1,100 | 9.8 | 4.1 | 22 |
| Majaribio ya vifaa | 1,000 | 1,600 | 4.6 | 4.2 | 14 |

Sasa tafuta pia nambari ya kati ya video zote 18 kwa kila kundi. Tuseme ni 1,000 kwa waliojisajili na 1,600 kwa wasiojisajili. Hii ndiyo kawaida ya kila kundi, na kila mada inagawanywa kwa kawaida ya kundi lake. Kwa waliojisajili, tatizo moja linapata 0.9, ufufuaji 1.5, na majaribio 1.0. Kwa wasiojisajili, tatizo moja linapata 2.6, ufufuaji 0.7, na majaribio 1.0.

Tazama sasa jinsi picha inavyobadilika. Makundi haya mawili yamezipanga mada kwa namna tofauti: mada inayoongoza kwa kundi moja ndiyo ya mwisho kabisa kwa jingine. Hilo lingefichika kama tungeangalia jumla peke yake, ambamo tatizo moja lina utazamaji 5,100 na ufufuaji 2,600, na mtu angeamua kuacha ufufuaji kabla hajamaliza kusoma jedwali.

Hatua ya 5: Pima pengo ndani ya mada

Utazamaji unaeleza nani alifika. Kilichotokea baada ya kufika kinaelezwa na dakika. Gawanya dakika za wasiojisajili kwa dakika za waliojisajili ndani ya mada ileile: jibu likikaribia 1 pengo ni dogo, likiwa chini sana pengo ni pana. Kwa kuwa ni video zilezile, urefu haukusumbui tena. Tatizo moja linatoa 0.81, majaribio 0.91, na ufufuaji 0.42.

Nilisema tusishindanishe makundi, na hapa inaonekana kama ninavunja kanuni yangu. Lakini pengo lenyewe silo linalotuhusu, tulitarajia kuliona. Tunachouliza ni kwa nini pengo la mada moja ni pana kuliko la nyingine, ilhali chaneli ni ileile, msimulizi ni yuleyule, na mkondo wa watu wanaohama kutoka ndoo moja kwenda nyingine unazigusa mada zote. Pengo la ufufuaji ndilo lenye habari.

Safu ya mwisho inaongeza jambo. Gawanya idadi ya waliojiunga kwa utazamaji wa wasiojisajili, kwa kuwa hao ndio pekee wanaoweza kujiunga, kisha zidisha kwa 1,000. Tatizo moja linapata watu 5 kwa kila utazamaji 1,000, majaribio karibu 9, na ufufuaji 20. Kwa hiyo mada ambayo wageni wengi huikimbia ndiyo inayowashika zaidi wachache wanaobaki. Mada ya namna hii haifutwi kabla ya kujua ni kitu gani kinawakimbiza wengine.

Hatua ya 6: Ondoa tofauti ya njia za kuingilia

Kabla ya kuilaumu video, chunguza watu walifikaje. Aliyeingia kwa utafutaji anataka jibu. Akishalipata huondoka, na hilo si kosa la mtu yeyote. Aliyependekezewa video baada ya kutazama nyingine yuko tayari kukaa. Waliojisajili hufika zaidi kwa ukurasa wa mwanzo na arifa, wasiojisajili kwa utafutaji na mapendekezo, kwa hiyo sehemu ya pengo inaweza kuwa ni tofauti ya milango tu.

Chagua video moja ya ufufuaji iliyo karibu na nambari ya kati ya mada yake. Katika `Advanced mode`, weka kichujio cha `Subscription status` kwenye `Not subscribed`, kisha fungua mgawanyo wa `Traffic source`. Video tuliyoichagua ilikuwa na utazamaji 1,100 wa wasiojisajili: 500 kutoka `YouTube search` kwa dakika 2.2, 400 kutoka `Suggested videos` kwa dakika 5.9, na 200 kutoka njia nyinginezo kwa dakika 5.25. Ukizijumlisha zinarudi kwenye dakika 4.1 tulizoziona. Badilisha kichujio kiwe `Subscribed`, uangalie tena `Suggested videos` peke yake: dakika 8.4.

Kwa mlango mmoja, basi, pengo ni 5.9 kwa 8.4, yaani 0.70, wala si 0.42. Sehemu kubwa ya pengo imetoka kwenye tofauti ya milango, hasa kwa watu waliokuja kwa utafutaji. Kwa nini walikuja? Jina la video lilikuwa na maneno «jinsi ya kutengeneza baiskeli yenye kutu», na mtu mwenye mnyororo wenye kutu mkononi akadhani ataonyeshwa namna ya kuisugua. Akakuta simulizi ya dakika 20. Jina lilimwahidi kitu ambacho video haikukusudia kumpa.

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nami nadhani ndiyo inayozuia makosa mengi zaidi. Mtu anayeruka moja kwa moja kutoka kwenye pengo kwenda kwenye kubadilisha maudhui angeweza kufupisha ufufuaji hadi dakika 10, akawapoteza waliojisajili wanaotazama dakika 9.8, na bado asingempata yule wa mnyororo wenye kutu.

Hatua ya 7: Soma mahali mistari inapoachana

Bado kuna pengo la 0.70 kwenye mlango mmoja. Fungua mchoro wa video hiyo unaoonyesha watazamaji wanavyobaki, uugawe kwa waliojisajili na wasiojisajili. Video yenye utazamaji mchache huenda isiwe na mgawanyo huo; hapo tumia nyingine ya mada ileile. Kwa API ombi ni hili:

```
ids=channel==MINE
startDate=2024-03-05
endDate=2024-04-01
metrics=audienceWatchRatio
dimensions=elapsedVideoTimeRatio
filters=video==VIDEO_ID;subscribedStatus==UNSUBSCRIBED
```

Majibu yanakuja katika vipande 100, hivyo kwa video ya dakika 20 kila kipande ni sekunde 12. Rudia ombi kwa `SUBSCRIBED`, kisha chora mistari miwili juu ya karatasi moja.

Usiangalie mistari iko juu au chini kiasi gani. Angalia ni wapi inaachana na ni wapi inakwenda sambamba. Katika video yetu, mpaka sekunde ya 30 walibaki asilimia 90 ya waliojisajili na 78 ya wasiojisajili. Kufikia dakika 2 na sekunde 10, waliojisajili walikuwa 82, ilhali wasiojisajili walikuwa wameanguka hadi 49. Baada ya dakika ya nne mistari yote miwili ilishuka kwa mteremko uleule hadi mwisho.

Hapo ndipo inabidi uitazame video yenyewe, sehemu hiyo tu, ukiwa na saa mkononi. Kati ya sekunde ya 30 na dakika 2 na sekunde 10, msimulizi alikuwa anakumbushia baiskeli ya wiki iliyopita, anawataja watu walioacha maoni, na anaeleza kwa nini safari hii hakuwahi kupaka rangi mapema. Kwa aliyejisajili hayo ni mazungumzo ya nyumbani. Kwa mgeni ni sawa na kukaribishwa mezani na kukuta watu wanacheka jambo la jana. Baiskeli yenyewe ilionekana kwa karibu kwa mara ya kwanza katika dakika 2 na sekunde 25.

Kwamba mistari inakwenda sambamba baada ya dakika ya nne ndiyo habari njema katika mchoro wote. Mgeni aliyevuka mlango anautazama ufufuaji kama mwenyeji anavyoutazama. Lau mistari ingeendelea kuachana hadi mwisho, tafsiri ingekuwa tofauti: maudhui yenyewe yangekuwa yanahitaji ujuzi au mazoea ambayo mgeni hana, na hapo kurekebisha utangulizi kusingesaidia. Na kama mistari ingeachana mahali pamoja katikati, kwa mfano pale linapotumika jina la kifaa bila kuelezwa, tatizo lingekuwa ni sehemu hiyo tu.

Angalia jambo hilohilo katika video nyingine mbili za mada hiyo kabla ya kuliamini. Video moja haitoshi kuwa ushahidi.

Hatua ya 8: Andika uamuzi pamoja na kipimo chake

Sasa unayo maelezo ya kutosha kupanga video sita zijazo. Katika mfano wetu uamuzi ulikuwa hivi. Video tatu za ufufuaji, kila moja ikianza na baiskeli mbele ya kamera ndani ya sekunde 20, mazungumzo ya wenyeji yakihamishiwa baada ya dakika ya tano, na jina la video likisimulia badala ya kuahidi maelekezo. Video tatu za tatizo moja, lakini tatizo lenyewe linatoka kwenye baiskeli zinazofufuliwa, na kila moja inaishia kwa kiungo cha kwenda kwenye ufufuaji wake. Majaribio ya vifaa yanapumzishwa kwa sasa: hayajapita kawaida ya kundi lolote, wala hayaleti watu wengi wa kujiunga.

Mgawanyo huu hautokani na hesabu peke yake. Mwingine angeweka ufufuaji mbili na jaribio moja, na nisingembishia sana. Nisichokubali ni kuanza kurekodi bila kuandika kwanza matokeo yatakayotufanya tuseme tulikosea.

Tuliandika kwamba baada ya siku 28 za kila video, pengo la ufufuaji linapaswa kufika angalau 0.55, na dakika za waliojisajili zisishuke chini ya 9. Sharti la pili halipo kwa mapambo. Pengo ni mgawanyo, na mgawanyo unaweza kupanda kwa sababu nambari ya chini imeanguka: ukiwachosha waliojisajili vya kutosha, pengo litazibika vizuri kabisa, na chaneli itakuwa imepoteza pande zote mbili.

Hatua ya 9: Pima tena, na ujaribu kuyaangusha matokeo yako

Video tatu mpya za ufufuaji zilitoa, kwa nambari ya kati, dakika 9.6 kwa waliojisajili na 5.4 kwa wasiojisajili. Pengo ni 0.56. Masharti yote mawili yametimia. Lakini utazamaji wa wasiojisajili ulishuka kutoka 1,100 hadi 900, na mwenye chaneli aliyezoea kuangalia jumla angeshtuka.

Upungufu huo ulitarajiwa: jina jipya halikuwavuta tena wale wa utafutaji waliokuwa wakiondoka baada ya dakika mbili. Ukizidisha, 900 kwa 5.4 ni dakika 4,860, ilhali awali ilikuwa 1,100 kwa 4.1, yaani dakika 4,510. Waliojiunga walikuwa 27, sawa na 30 kwa kila utazamaji 1,000 badala ya 20.

Kisha fanya jaribio la kuondoa. Iondoe video iliyofanya vizuri kuliko zote uone kama hitimisho linasimama. Mapengo ya video tatu mpya yalikuwa 0.50, 0.56 na 0.61; ukiiondoa ya 0.61, zinabaki mbili zenye wastani wa 0.53, chini kidogo ya kipimo tulichojiwekea. Hilo linapunguza uhakika, na lisifichwe. Kinacholitetea hitimisho ni kwamba video sita za zamani zilikuwa kati ya 0.37 na 0.49, kwa hiyo hata iliyo dhaifu kati ya mpya imeipita iliyo bora kati ya zamani. Mpangilio wa utangulizi uliendelea kutumika katika video tatu zilizofuata, na uamuzi wa kurudisha majaribio ya vifaa ukaahirishwa mpaka hizo nazo zitimize siku 28.